Ndoto Yangu, Shavu la Jaja

Gwaraa! Mlio wa birika la udhu likibiringika kwenye saruji bado uko masikioni mwangu. Leo nimeumbuka.

Naishi Lubaga na Jaja, bibi yangu. Leo ndiyo siku yake ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Tumembembeleza tangu Ramadhani ndipo akakubali. Jana nikampa upande wangu wa kitanda, wa ukutani, asije akaanguka.

Tumeswali alfajiri, tukajinyoosha tena. Hapo nikaota ndoto mbaya. (Msiniulize ndoto gani. Mtaona kwa nini.) Nikashtuka, moyo mbio! Nikakumbuka ya madrasa: jikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari ya shetani na shari ya ulichokiona, tema kushoto mara tatu, kisha geuza ubavu. Nikanong'ona. Nikageuza uso kushoto, macho nimeyafumba.

Tfu! Tfu! Tfu!

(Siku zote kushoto kwangu ni ukuta. Ukuta haujawahi kulalamika.)

"Banange! Paa linavuja?" Jaja akauliza, anajifuta shavu.

Aibu! Nikageuka kulia upesi, kama nilivyofundishwa. Kulia hakuna kitanda. Nikatua sakafuni, juu ya birika lililokuwa kando ya kitanda, maji yote gaunini.

Shangazi Hadija, aliyekuja kumpeleka Jaja hospitali, akaingia mbio, akaniita jina.

"Zamu! Umemtemea mgonjwa?"

"Nimeota vibaya, shangazi."

"Umeota nini? Sema! Siku ya kisu hii. Kama ni ishara, hatuendi!"

Dirishani jirani keshachungulia. "Kumbe mnatemeana asubuhi yote hii?"

Nikamtazama Jaja. Ulimi wangu (huu usiojua siri) ukaniwasha. Neno moja tu, safari imekufa, na jicho linaendelea kuziba.

"Sisemi."

"Mtoto mkaidi wewe!"

Jaja akacheka mpaka akakohoa. "Hadija, mwache. Ndoto njema inatoka kwa Mwenyezi Mungu. Ya kutisha ni ya shetani, anataka kumhuzunisha muumini tu. Akishajikinga haimdhuru, ndiyo maana hamsimulii mtu. Akinisimulia mimi, si hofu itakuwa na watu wawili? Lete viatu vyangu, twende."

Kisha akanishika kidevu. "Ila mjukuu wangu, ni kupuliza, mate kidogo tu. Wewe umeniosha uso!"

Jirani alicheka hadi akashikilia nondo za dirisha. Mimi nikachota maji mengine, nikatawadha, nikaswali rakaa mbili, maana hilo nalo limo katika mafundisho. Nililia kidogo kwenye sijida. (Kidogo sana. Haya, si kidogo.)

Alasiri Jaja amerudi, jicho limefungwa bandeji, anadai chai ya tangawizi na kuniita "mvua". Sasa amelala, ukutani vilevile.

Msicheke, tafadhali. Ndoto sijamwambia mtu, hata nyinyi hampati. Nimenyanyuka polepole, peke yangu, nikalihamishia birika chini ya dirisha.