Kanisa la Majivu

Alhamisi, 6 Juni 1996

Mwanangu Oliver amekula chaki. Sasa hivi, nikiwa nimegeuka tu kuchochea moto. Nimemkuta amekaa mlangoni, midomo myeupe, anatafuna polepole kama mzee anayeonja tumbaku. Nimemtia kidole mdomoni. Kimetoka kipande kama punje ya mchele. Hicho ndicho kilichobaki cha mpango wangu.

Chaki yenyewe niliipata kwa ujanja. Marion, msichana wa jirani aliye darasa la tano, aliiokota chini ya meza ya mwalimu wake, nami nikamhonga ndizi mbili. Sasa ndizi zimeliwa na chaki imeliwa.

Mpango ni huu. Mwalimu wa mafundisho ya Jumamosi kanisani amejifungua. Katekista Maxwell akatangaza kwamba anayejua kusoma anaweza kujaribu na watoto wa darasa la nne na la tano, na akifaulu atapewa darasa. Kazi yenyewe imo kitabuni: mtoto achore kanisa lake, aonyeshe kila sehemu kwa mstari na jina, kisha aeleze kwa nini mahali hapo ni patakatifu. Zilpah, kiongozi wa kwaya, aliinua mkono. Nikaona na wangu uko juu. Mimi niliyeachia darasa la saba.

Sababu siwezi kumwambia mtu. Nina miaka mitatu hapa Rodi Kopany. Bonface wangu ni askari wa mbuga huko Lambwe, anakuja mwisho wa mwezi, na miezi mingine haina mwisho. Kwetu ni Kegonga. Kijaluo changu ni cha sokoni, bei na salamu tu. Hapa mimi ni nyar Kuria, binti wa Wakuria, basi. Nataka mtu mmoja aniite Mwalimu Dorine. Hata kama ana miaka kumi.

Ijumaa, 7 Juni

Tatizo: kumbe nusu ya vitu vya kanisani sijui majina yake. Miaka yote nimeviangalia kama mtu anavyoangalia wageni wa jirani.

Hila: nimejitolea kufagia. Kila nikifika kwenye kitu, namuuliza Maxwell hiki nikipanguse na nini, kwani kinaitwaje? Amefurahi sana. Amesema hajawahi kuona mfagiaji mwenye kiu namna hii. Bakuli la ubatizo liko karibu na mlango kwa sababu kwa ubatizo ndipo mtu anaingia katika Kanisa. Mimbari ni pa kusomea Neno. Altare ni meza ya sadaka, na meza ya kulia pia. Kisanduku kilichofungwa kwa ufunguo ni tabernakulo, na kile kitaa chekundu pembeni yake hakizimwi, maana kinasema kuna Mtu ndani.

Na mimi huacha koroboi ikiwaka, lakini yangu inasema hakuna mtu.

Nikapanda kile kidaraja cha mbele, kipandio cha kwenda altareni, na ufagio wangu. Maxwell akanisimamisha. Akasema si kwamba ufagio ni mchafu. Kidaraja kimewekwa ili mguu ujue umevuka, upunguze mwendo. Nikashuka, nikapanda tena polepole. Nikahisi kitu kweli. Nikageuka kumwonyesha Oliver, naye alikuwa ananawa uso kwa maji ya baraka pale mlangoni, Zilpah amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. Akasema, "Nyar Kuria, hicho si kisima cha ng'ombe."

Jumamosi, 8 Juni

Ushindi!

Chaki sina, na kumwomba Maxwell ni kumtangazia Zilpah kwamba mtoto wangu hula vifaa vya shule. Kwa hiyo nilibeba majivu ya jikoni, karai zima. Nikawaambia watoto wafikirie wamefunua paa la kanisa kama kifuniko cha sufuria, wanachungulia kutoka juu. Nikachora chini uwanjani, kwa majivu: kuta nne, mlango, duara la bakuli la ubatizo, njia ya katikati, mistari ya mabenchi, mstari wa kidaraja, altare, mimbari, kisanduku na nukta ya taa.

Kisha nikawaambia waingie. Wakaingia kupitia mlango, ingawa ukuta ulikuwa upana wa kidole tu. Kelele zao zikaisha bila mimi kusema neno. Wakaketi kwenye mabenchi ya majivu. Kuku wa Zilpah akapita ukutani na kwenda moja kwa moja altareni, na watoto wote wakashtuka kana kwamba ameingia kanisa la kweli. Nikawauliza, kwani pale kuna nini? Ni udongo na majivu. Marion akasema, "Pametengwa, mwalimu." Pametengwa. Alisema hivyo, na akasema mwalimu.

Nikawafundisha na habari za hema la Musa. Uani wanaingia watu, ndani wanaingia makuhani, na nyuma ya pazia, kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka. Mtoto mmoja akauliza nani alifagia huko nyuma ya pazia. Nikasema swali zuri.

Halafu wakachora kwenye karatasi. Mistari kwa rula, isikatane. Majina nje ya picha, yaandikwe yakiwa yamelala sawa. Kwa kuwa sikuwa na chaki niliwatajia kwa mdomo nao wakaandika. Pale mbele nikawataka waandike kwa herufi kubwa jina la sehemu yote, tena nikalitaja mara tatu, kwa sauti: mahali patakatifu. Nikakusanya karatasi. Sikuzisoma, nilikuwa na furaha mno. Maxwell amezibandika zote ukutani kwa ajili ya Padre kesho.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Karatasi zote, safi, mistari imenyooka. Na mbele ya kila kanisa, kwa herufi kubwa: MAHARI PATAKATIFU.

Maxwell aliniita pembeni. Akasema nitamke. Nikatamka mahali. Akasema, hapana, umesema mahari. Nikasema ndivyo nilivyosema, mahali. Tumerudia mpaka akatoka jasho. Kwa macho najua, ile ni sehemu na hii ni ng'ombe wa bibi arusi. Lakini sisi Wakuria herufi hizo mbili tumezaliwa tukiwa nazo moja tu, na sikio langu halioni tofauti. Watoto waliandika walichosikia. Watoto wazuri.

Shida ni kwamba Rodi Kopany nzima inajua ng'ombe wangu hawajafika Kegonga wote. Watu wakasoma ukuta, wakamgeukia mama mkwe wangu, Mama Truphena, aliyekaa benchi la mbele na kitambaa chake kipya. Zilpah aliwasomea kwa sauti wale wasio na miwani.

Padre akajaribu kuokoa jahazi. Akahubiri kwamba watoto wamesema kweli, Kanisa ni bibi arusi, na pale altareni ndipo mahari yake ilipolipwa. Yote, akasema. Bila kubakiza. Mama Truphena akainama kama aliyepigwa na mvua ya mawe.

Nimerudi nyumbani na Oliver. Hakuna aliyetusindikiza. Nimepika ugali wa watu watatu kwa kusahau.

Jumanne, 11 Juni

Mama Truphena amekuja kunigombeza. Ni mara ya kwanza anaketi ndani ya nyumba yangu tangu Oliver azaliwe.

Alianza akiwa mlangoni. Aliuliza kama kwetu deni huandikwa kanisani. Nikasema hapana, mama, ni ulimi. Akasema ulimi gani unaojua kuchagua siku ya Padre. Nikamwomba agombeze akiwa ameketi, miguu itachoka. Akaketi. Nikampa chai. Akagombeza vizuri sana, yote kwa Kiswahili ili nisipitwe na kitu. Akanitajia ukame, akanitajia ugonjwa wa ng'ombe, akataja mbung'o wa Lambwe mmoja mmoja. Akataka kikombe cha pili. Oliver akalala mapajani mwake, na ikabidi amalizie kwa kunong'ona.

Alipoondoka nyumba ikawa kubwa. Nikatamani ningekuwa nimekosea na neno lingine, ili arudi.

Jioni Maxwell amenipa Jumamosi moja zaidi, ya mwisho. Mada inayofuata kitabuni ni misikiti, nyumba za sala za jirani zetu. Nikiharibu, darasa ni la Zilpah. Amenipa boksi zima la chaki, na sharti: kila jina niandike ubaoni. Nimelificha juu ya kabati.

Alhamisi, 13 Juni

Hila mpya: kwenda kuuona msikiti wa Homa Bay wenyewe, ili Zilpah asinipate kwa swali. Nilijifunga kitambaa, nikavua viatu mlangoni, nikamvua na Oliver. Bwana mmoja mtunzaji, mpole, alituonyesha tukiwa kizingitini. Nje, mifereji ya kutawadha, mtu ananawa kabla ya kusimama mbele ya Mungu. Mnara wa kuadhinia. Ndani mazulia, hakuna benchi, hakuna picha wala sanamu. Mimbari wanayo pia, ya hotuba ya Ijumaa, ina ngazi. Na ukutani kuna kitundu kama dirisha lililozibwa, mihrabu. Nikauliza kama Mungu hukaa humo. Akacheka kwa adabu. Akasema hapana mama, mihrabu inaonyesha tu kibla, upande wa Makka. Kwetu hapa ni kaskazini, kuelekea ziwani. Humo hamna kitu. Ni pa kuelekea.

Nimerudi nikifikiri. Kumbe na nyumba yangu ina mihrabu. Ni dirisha la upande wa Lambwe. Kiti changu kinaelekea huko kila jioni na sikukiweka kwa makusudi.

Jumamosi, 15 Juni, asubuhi

Nimejifunza. Naandika hapa ili isisahaulike: sitatamka tena neno la hatari mbele za watu. Kila kitu kwa maandishi. Ubao nimeshaujaza tangu jana: MNARA, MIHRABU, MIMBARI, PA KUTAWADHA, PA KUWEKA VIATU. Maxwell amekagua herufi moja moja, amesema hakuna kosa. Zilpah amepita, ametafuta, amekosa.

Nimekumbuka kila kitu. Wiki iliyopita nusu ya watoto hawakuwa na cha kuandikia, wakagawana. Kwa hiyo jana jioni nikamwita Marion dirishani, nikamtuma apite nyumba kwa nyumba, aseme Mwalimu Dorine anataka kila mtoto aje na kalamu. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo, na wazazi wenye cha ziada wasaidie. Akaondoka mbio, anarukaruka. Sijawahi kuona mtoto anapenda kuandika hivyo.

Bado mapema lakini watu wameanza kufika. Watoto, na mama zao pia. Nimehesabu sufuria tano. Mmoja ana samaki. Mama Truphena ameingia na kitambaa chake kipya, ameniamkia kwa jina langu, Dorine, kisha akauliza wageni wataketi wapi. Sijui kuna sherehe gani, hakuna aliyenitangazia. Labda ni ya kwaya. Hata hivyo uwanja umejaa na Oliver anabebwa na mtu nisiyemjua, anacheka. Zilpah anakuja huku ameshika jogoo miguu juu, anaita kwa sauti, "Mwalimu, mwalimu, huyu achinjiwe wapi," nami namjibu kwamba leo tunachora tu, lakini hanisikii, ngoja nitoke nika