Mimi, Yeye na Mama Kiprugut

Jumatatu, 2 Juni 1958
Baiskeli ni yangu! Gazeti linashindanisha hadithi za vijana waliokwenda kazi nchi za mbali, na zawadi ni baiskeli. Nimemchukua Kiprugut, jirani yetu hapa Bondeni, Nakuru, aliyekwenda machimbo ya shaba Uganda akanyamaza kabisa. Nimeandika kwa “mimi”. Anayesema mimi huaminiwa upesi, kama shahidi. Nimemalizia, “Mama, nitarudi kwa treni ya Ijumaa.” Tamu mno.

Jumanne, 3 Juni
Nimempa mwalimu Waithaka asome. Kosa. Kumbe naye anaitaka baiskeli. Akasema huyo kijana aliacha shule darasa la tatu lakini anaongea kama mimi Jonah, karani wa ghala la mahindi. Tena yuko chini ya ardhi Uganda na anajua mama yake anapika nini Nakuru! Akanishauri niandike kwa “yeye”, ila nisibanduke begani kwake: nione anachoona yeye tu, nisiingie kichwa cha mwingine. Wivu. Nitaijaribu kwa msikilizaji wa kweli.

Jumatano, 4 Juni
Nimemsomea Cheptanui, mama yake Kiprugut. Ole wangu. Mimi ndiye humsomea barua, kwenye kigoda kilekile, na barua zote husema mimi. Jina sikuweka, nani hujitaja jina akijisimulia? Nilipofika kwenye treni alikuwa analia. Nilitaka kusema ni hadithi. Akasema, “Asante, kijana wangu. Nilikuwa nimeanza kumlilia kama maiti.” Nikafunga mdomo. Mwoga mkubwa.

Ijumaa, 6 Juni
Stesheni. Cheptanui alisimama na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kumpokelea mwanawe. Treni ya Kampala ikaja, ikaenda. Nilijificha nyuma ya magunia. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeandika upya kwa “yeye”. Haitoshi kufuta neno moja na kuweka lingine. Katika ile ya kwanza kijana aliapa, “Sikulia,” na nani angembishia? Sasa: “Alipangusa macho. Vumbi tu, alijiambia.” Msomaji anasikia uongo wake na bado anayaona machozi. Jiko la mama nimelitoa lote. Kijana sasa anaitwa Kipketer. Waithaka alisoma, akanirudishia bila neno. Dalili nzuri.

Jumapili, 8 Juni
Nimekwenda kukiri kwa Cheptanui. Nikamwambia waziwazi kwamba hata ile ya kwanza ilikuwa hadithi, nikamsomea hii mpya kama ushahidi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, huyo aliyesimama karibu hivyo hata akaona macho ya mtoto, mbona hakumshika mkono akamleta nyumbani? Roho inaniuma mpaka sasa.

Lakini nimelijua kosa! Hadithi hii ni ya mama. Nitaiandika kwa “mimi”, mimi Cheptanui, niliyekwisha kuzoea kungoja. Kesho jioni nitamsomea. Safari hii atafarijika.