Suala Lako Linashughulikiwa

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa heshima zote: lifunge. Kama huwezi kulifunga, basi funga mdomo. Usimwambie dada yangu. Usimwambie Bwana Muhuri wa ofisini kwetu, hasa yeye, maana jambo likiingia sikioni mwake asubuhi, adhuhuri linajulikana hadi kwa mlinzi wa geti. Haya ni maisha yangu na sina mengine.

Mimi ni karani wa masjala. Kesho natoka na mwanamke. Mara ya kwanza!

Ni fundi miwani. Kibanda chake kipo nyuma ya ofisi yetu, meza moja, taa moja, droo arobaini za vioo. Skrubu ya miwani yangu imelegea mara tatu ndani ya wiki mbili. Mara mbili nililegeza mwenyewe kwa ncha ya kisu. Mara ya tatu aliitazama kwa muda, akasema skrubu hii ni nzima kama yai, labda tatizo liko kwa mwenye miwani. Kama anataka tunywe chai, aseme. Nikasema. Yaani nilitikisa kichwa kukubali, miwani ikaanguka.

Nimeandaa maswali thelathini anayoweza kuniuliza na majibu yake. Kazi, familia, dini, chakula, hali ya hewa. Nimeyakariri yote. Niko tayari.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sikuwa tayari.

Mkahawa mdogo, viti vya plastiki. Nusu saa ya kwanza nilipeta. Alicheka mara nne, nilihesabu. Kisha akaweka kikombe chini, akauliza, bila hila yoyote, kama mtu anavyouliza njia: unatafuta nini?

Halikuwemo kwenye thelathini.

Masjala tuna utaratibu. Barua ikija na jibu halijulikani, haiachwi hivihivi. Mwandishi anapelekewa jibu la awali ili moyo wake utulie. Nimeandika majibu ya awali kwa miaka mitatu, mkono unaandika wenyewe. Nikafungua mdomo nikasema: suala lako limepokelewa, linashughulikiwa, utajulishwa kwa wakati mwafaka.

Akacheka kwa nguvu. Akadhani ni mzaha! Ningeacha hapo ningekuwa mtu mcheshi hadi leo. Nikaongeza kwamba ucheleweshaji wowote unasikitikiwa. Kicheko kikakatika kama uzi.

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma. Alisema haulizi tarehe ya harusi, kaka. Anauliza ili ajue amekaa kwenye mlango gani. Kwanza akanipa jibu lake: anatafuta mtu wa kudumu, hana haraka, na hataki kufichwa. Aliwahi kuwa na mchumba aliyemwambia “tutaona” kwa miaka minne. Wakaachana. Miezi miwili baadaye yule bwana akaoa mwingine. Kumbe alikuwa ameshaona siku nyingi, alichokosa ni ujasiri wa kusema.

Kisha akasema kama sijui, niseme sijui, hakuna aibu. Mtu hawezi kujua yote kwa kikombe kimoja cha chai. Ila “sijui” isiwe pazia. Nimwambie ninachokijua: kwa nini nimekuja leo, kama nina mtu mwingine au sina, kitu gani sikitaki kabisa, na kwamba nikishajua nitamwambia, hata likiwa jibu baya. Basi. Hayo yanamtosha mtu mzima kuamua kama anakaa au anaondoka.

Nikasema nitayawasilisha. Akasema si lazima leo, nipite Alhamisi wakati wa chakula cha mchana.

Kuwasilisha! Kwa nini nilisema kuwasilisha?

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimekaa na daftari tangu asubuhi. Humu nasema kweli, hakuna anayesoma.

Kwa nini nilikwenda? Kwa sababu aliponirekebishia miwani kidole gumba chake kiligusa nyuma ya sikio langu, nikagundua kwamba tangu mama afariki, mwaka na miezi miwili, hakuna mtu aliyenigusa ila kwa kupeana mikono. Nilirudi kazini nikafungua jalada nisiweze kusoma.

Nina mtu mwingine? Sina. Sijawahi.

Nisichokitaka? Kumdanganya.

Natafuta nini? Sijui. Narudi nyumbani, chumba kiko vilevile nilivyokiacha, kikombe kilipo, ndala zilipo. Sijui kama natafuta mke, au natafuta tu mtu wa kuhamisha kikombe. Naogopa ni hili la pili, na yeye si mtu wa kufanyiwa hivyo. Labda baada ya chai nyingine kumi nitajua. Ningependa kuzinywa hizo kumi.

Nimesoma tena. Ni aibu tupu. Haisomeki mbele za watu. Natafuta jibu lenye nguvu zaidi.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimeomba ushauri. Kwa siri kubwa!

Dada yangu, kwa simu: alipiga vigelegele kwanza, kisha akanikaripia. Mdogo wangu, umesoma shule zote hizo na bado hujui? Mwanamke akiuliza unatafuta nini anataka kusikia neno moja, ndoa. Sema ndoa, taja na mwezi. Mwezi unaonyesha umakini. Akapendekeza wa nane, maana yeye atakuwa likizo. Kisha akasema mama angefurahi. Salio likaisha hapohapo.

Bwana Muhuri sikumwomba. Alisoma uso wangu. Huyu ndiye anayegonga mihuri meza ya pili, ana miaka arobaini na moja, mke alimkimbia, na bado anajiona daktari wa mapenzi. Akasema: wewe kijana usijirahisishe! Sema hutafuti chochote, unapita tu. Anayejifanya hataki ndiye anayetakiwa. Kisha akanigongea muhuri mkononi, “IMEPOKELEWA”, ofisi nzima ikacheka. Hautoki kwa sabuni.

Nimeandika rasimu mbili. Ya kwanza, ndoa. Ya pili, napita tu. Nitachagua kwa kuangalia uso wake.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nilifika kabla ya wakati. Alikuwa anasugua kioo kwa kitambaa. Akanivutia kiti, akanimegea nusu ya mkate wake. Uso ulikuwa mwema. Nikahesabu ni uso wa ndoa.

Nikasimama. Kwa nini nilisimama? Nikasema natafuta mke, kwa moyo wangu wote, mwezi wa nane.

Akaacha kusugua. Akasema polepole: Jumamosi hukujua hata kidogo. Leo Alhamisi una hadi mwezi. Nani kakupa?

Nikasema dada yangu. Nikaona uso umebadilika, si wa ndoa tena. Nikashikwa na hofu, na mimi nikishikwa na hofu natii utaratibu, nikatoa rasimu ya pili. Nikasema, au kwa upande mwingine, sitafuti chochote, napita tu.

Mungu wangu.

Akauliza nina majibu mangapi, kaka karani. Nikasema mawili, la tatu linaandaliwa.

Hakucheka. Alinitazama kama anavyotazama kioo chenye ufa, akitafuta umeanzia wapi. Akasema “sijui” yangu angeweza kuishi nayo. Angekaa nayo hata mwaka, kama ingekuwa yangu. Lakini haya ni maneno ya watu, na yeye ameshaishi miaka minne akikisia mtu anamaanisha nini. Hana nguvu ya kukisia tena. Akauliza mara ya mwisho, kwa sauti ya chini, kama kuna lolote ninalolijua mwenyewe.

Lilikuwepo. Nililiandika Jumapili, karatasi nzima. Lilifika hapa kooni. Kidole gumba, sikio, mama, kikombe. Nikasema nitarejea na taarifa kamili.

Akanivua miwani, akaifuta, akakaza skrubu zote mbili hadi mwisho, akanivisha. Safari hii kidole hakikugusa popote. Akasema sasa hazitalegea, hakuna haja ya kurudi.

Nimerudi ofisini nikaona kila kitu vizuri sana. Ndiyo ubaya wa miwani iliyokazwa.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Bwana Muhuri amekalia miwani yake ya kusomea. Kwa bahati mbaya, anasema. Ameipeleka kwa nani? Mji huu una mafundi wangapi? Nimemtajia wawili wa mbali. Hakusikia.

Amerudi baada ya saa moja na nusu, anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Leo Bwana Muhuri kaniambia yote, hata sikumuuliza. Alisema heri nisikie kwake kuliko kwa watu.

Alikwenda kweli kwa ajili ya miwani. Wakazungumza. Akamkaribisha chai, mazoea tu ya mdomo wake. Fundi akamuuliza palepale: unatafuta nini? Akataka kusema napita tu. Maneno yakagoma. Akajikuta anasema: sijui, mama. Tangu mke wangu aondoke nalala redio ikiwa imewashwa ili nisisikie nyumba. Huenda natafuta tu mtu wa kuizima. Sina mwingine, sitaki ugomvi tena maishani, na nikijua zaidi nitakwambia.

Basi. Hivyo tu! Hakuwa hata na karatasi.

Jana Jumapili wametembea mpaka bustanini na kurudi. Akasema hajui litafika wapi, na fundi pia hajui, na wameambiana hivyo. Akaniomba radhi. Hakunigongea muhuri. Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nikasema hongera bwana mkubwa, nikaenda chumba cha majalada ya zamani, nikakaa sakafuni hadi kengele.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Nimelichambua suala hili usiku kucha na nimeligundua kosa. Ni shati. Bwana Muhuri alivaa la buluu. Mimi siku zote mbili nilivaa la kijivu, na kijivu hakionyeshi msimamo. Pia yeye alikuwa ameketi. Nimenunua shati la buluu. Nimeandaa majibu matatu mapya, kila moja kurasa mbili, moja lina redio.

Nimeandika maelekezo haya na leo nitayapitisha chini ya mlango wa kibanda:

Fundi, kwa jambo lolote, nipo dirisha namba nne, saa mbili asubuhi hadi saa sita na nusu, tena kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu. Kioo ni kinene, gonga mara mbili. Usipige simu, kwenye simu sipati muda wa kutazama karatasi. Usimwachie ujumbe mtu wa meza ya pili. Ukipenda kuniuliza tena lile swali, nakuomba unijulishe siku tatu kabla, ukionyesha ni jibu lipi kati ya matatu ungependa kulisikia, nami nitalikariri.