Mkutubi Dhidi ya Barua ya Magodoro

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili mazima, na wewe wa nyuma weka simu chini, mpate habari za Mkutubi wa shule, mlinzi wa rafu sita na ufunguo mmoja, ambaye wanafunzi humwita Dada Shii kwa kuwa neno hilo ndilo upanga wake. Mjue alivyoingia vitani kwa ajili ya barua ya ukurasa mmoja.

Chanzo cha vita kilikuwa sanduku. Lilifika Jumatatu kutoka kwa kampuni inayouza majokofu, nalo lilibeba vitabu arobaini na vitatu. Nyuma yake ikaja simu. "Dada, barua ya shukrani pamoja na orodha zifike mapokezi Alhamisi kabla ya saa nane. Shule zenye barua ndizo tunazoziandika kwenye mzigo wa pili."

Mkutubi akaushika muhuri papo hapo, maana darasa la sita zima lilikuwa na riwaya moja tu, tena iliyonyofoka kurasa za mwisho, na watoto walikwisha kumwoza na kumzika shujaa wake kwa namna kumi na moja.

Siku tatu hakupumua. Kila kitabu alikigonga muhuri ukurasa wa kwanza, akakipa namba, akakiingiza kwenye daftari la maktaba. Majeshi yakahesabiwa: hadithi ishirini na sita, kamusi kumi na mbili, na, jamani, vitano vyenye jina *Tunza Jokofu Lako*.

Alhamisi saa nne akatinga kwa Katibu Muhtasi, mtu wa vidole kumi na barua moja. Barua zote za shukrani za shule ile zilizaliwa na mama mmoja, barua ya magodoro ya bweni. Katibu alibadilisha neno tu.

"Tayari," akasema Katibu. "Nimetoa magodoro, nimeweka vitabu."

Mkutubi akasoma: *Wanafunzi sasa wanalalia vitabu vyenu, na vitakavyochanika tutavishona.*

"Kaka, wanalalia vitabu?"

"Kwani hawalali darasani? Mimi nimewaona."

Hapo akaingia Mwalimu Mkuu, mama mwenye muhuri, ambaye bila yeye karatasi hubaki karatasi. "Andika vitabu vyote vimesomwa na ufaulu umepanda," akaagiza. "Wafadhili wanapenda makubwa."

"Mama, vimefika Jumatatu."

"Umepanda kidogo, basi."

Dada Shii, ambaye kazi yake ni kunyamazisha, akasimama akanena. "Mama yangu, aliyetuma hajui tunachosoma mpaka tumwambie. Tukimwambia vyote vimependwa sawasawa, atatuletea majokofu hamsini mengine ya karatasi, na darasa la sita litabaki na riwaya isiyo na mkia. Nipe nafasi niandike kilichotokea tu."

"Na hivyo vitano? Utawaaibisha watu kwa zawadi yao?"

"Kimoja kiko jikoni. Mpishi amekiazima, akagundua mpira wa mlango wa jokofu letu umelegea. Kadi ameisaini, hii hapa."

Mwalimu Mkuu akaigeuza kadi ile mara mbili. "Huyu mpishi wetu? Huyu huyu?" Kisha akavuta kiti. "Haya, andika."

Mkutubi akafuta magodoro yote mpaka la mwisho. Alipofika kwenye *Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu*, Katibu akaweka kiganja juu ya kibodi kama mzazi. "Dada, hiyo hapana. Barua bila husika ni meseji." Mkataba wa amani ukafungwa: husika ikabaki, nayo barua ikaendelea hivi:

*Sanduku lenu lilifika Jumatatu likiwa zima. Hadithi kumi na tisa kati ya ishirini na sita zimeshaazimwa. Msomaji mmoja alirudisha yake kesho yake asubuhi, akauliza kama mwandishi ana nyingine. Kamusi zinakaa darasa la sita. Mwongozo mmoja wa jokofu anao mpishi wetu, na umemsaidia. Mkitukumbuka tena, hadithi ndizo zinazogombewa. Ahsanteni. Orodha kamili imeambatanishwa.*

Sahihi ikatiwa, muhuri ukashuka, nakala moja ikaenda kwenye faili, na nyingine mkobani pamoja na barua yenyewe na orodha, ikagongwe muhuri huko iendako. Mkutubi akachanja mbuga, yaani mitaa minne, viatu vikimsaliti kisigino cha kushoto, akafika mapokezi saa saba na dakika arobaini na nane.

Dada wa mapokezi alisoma mpaka chini, akaanza tena. "Mpishi kasoma kweli?"

"Kweli."

Akageukia mlango wa ndani. "Bosi, njoo uone. Kuna mtu amesoma mwongozo." Kisha akagonga IMEPOKELEWA juu ya nakala, akafungua orodha ya mzigo wa pili, akaiandika shule ile kuwa ya saba, na kwenye safu ya aina ya vitabu akauliza, "Niweke nini?"

"Hadithi," akasema Mkutubi. "Zenye kurasa zote."

Akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Na ijulikane kwa vizazi vyote vitakavyopanga foleni mbele ya rafu zile sita kwamba siku hiyo, dakika kumi kabla ya saa nane, ngome ya majokofu ilianguka, wala haikumwagika hata tone la wino.