Naima Mmoja, Mmemweka Mara Mbili

Temeke, Mei 1995

Ndugu Mhariri wa Salamu za Siku ya Kuzaliwa,

Salamu kwanza, malalamiko baadaye, maana mie nimelelewa. Natumaini hapo ofisini mu wazima na mashine yenu haijambo. Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo nitakapokosea naomba usome nia.

Wiki iliyopita nilileta kwenu, kwa miguu yangu, salamu za mwanangu Naima aliyetimiza miaka ishirini. Naima ni pacha, yeye ndiye Doto. Kulwa wake ni Munira. Salamu zilikuwa hizi, neno kwa neno:

"Naima mwanangu, leo ni siku yako. Ulitoka nyuma ya Munira lakini hukuja kumsindikiza. Uso mmegawana, ila wewe ndiye unayefungua redio mbovu za mtaa mzima ukazifunga zinaimba, na wewe ndiye unayecheka kabla hadithi haijafika pa kuchekesha. Hata ungezaliwa peke yako ningekujua. Mama yako."

Nyie mkachapa: "Hongereni Kulwa na Doto kwa kutimiza miaka ishirini. Mungu awazidishie upendo." Na picha ya Naima niliyowapa, moja, mkaiweka mara mbili, ubavu kwa ubavu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Salamu zile zilikuwa na kazi. Tangu wazaliwe nimeishi kwa neno la marehemu mama yangu, kwamba pacha ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa ataugua. Basi gauni mbili, kandambili pea mbili. Naima alipougua surua, Munira naye nilimlaza, mzima kabisa, asijione kanyimwa. Juzijuzi Naima akaniambia, taratibu tu, "Mama, mie sijawahi kupewa kitu ambacho hakina mwenzake." Likaniingia. Niliogopa Munira asije akaugua, lakini yale macho ya Naima niliyaogopa zaidi. Ndipo nikaja kwenu.

2. Naima kaliona gazeti, kadhani ni mie niliyeandika vile. Kabeba bisibisi zake kahamia kwa shangazi yake Buguruni. Kaacha ujumbe: "Mwambieni mama, Doto kasafiri." Sasa Doto, ndugu Mhariri, si jina, ni zamu ya kutoka. Jina lake hakulitaja, na hapo ndipo panaponiuma.

3. Nilipokuja kuuliza, Bwana Jabiri wenu wa mapokezi akanijibu, "Mama, tumekusaidia, pacha hawatenganishwi." Mie niliyewazaa naomba kumjulisha kwamba walitoka mmoja mmoja.

4. Kuweka picha moja mara mbili ni kusema hawana tofauti. Tofauti ipo, na mama hakosei. Naima ana macho ya kutafuta kosa, Munira ana macho ya kutafuta chai. Mie hata nikiwa nimewapa mgongo nasikia kandambili tu nikajua nani kaingia. Nyie mna miwani na hamkuona.

Kwa hiyo naomba salamu zirudiwe kama nilivyoandika, Naima peke yake, na kushoto na kulia kwake paachwe peupe, asikae mtu. Ukurasa mzima ukipatikana sitakataa. Munira atapata zake siku nyingine. Na kwa kuwa hana siku nyingine, naomba muwaulize wanaotunza tarehe kama ile siku inaweza kukatwa, asubuhi iwe ya Munira, alasiri iwe ya Naima. Wakikataa, basi Munira azaliwe mwezi wa nane. Nimeshamwambia, kasema atafikiria.

Nisalimie wote hapo, mafundi mitambo, wanaofagia, na Bwana Jabiri pia, sina kinyongo naye kikubwa.

Mie niliyewazaa,
Bi Bahiya, Mama Naima
(Mama Munira siku zake zikifika)

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii nilimpa Munira ampelekee Naima, ayarekebishe maandishi. Wamerudi wote wawili wanacheka, Naima akitangulia. Munira kanitandikia gazeti magotini: "Mama, hii picha ni yangu. Gauni hili nililovaa, Naima lake alilikataa sikukuu ya Idi, hukumbuki?" Nimeitazama sana. Ni Munira. Kwa hiyo katika zile picha mbili moja mlipatia, na lalamiko la nne naomba mlifute.

Naima anasema salamu zisirudiwe tena, kazisoma humu na zimemfika, hizo za gazetini ni za majirani. Mie bado nazitaka. Munira naye tangu aisome barua kaanza kukohoa. Huenda ni vumbi la Buguruni, lakini sitaki kujaribu, na zake zinafuata, kwa karatasi yake na picha yake.

Picha ya Naima hii hapa. Safari hii msinitegemee mie, nyuma yake kaandika jina lake mwenyewe.