Kwa Nini Ushirika Wetu wa Doha Hauhitaji Mchungaji

Kwa Baba Askofu,

Pokea salamu kutoka kwetu sisi watoto wako wa Ushirika wa Upendo, tunaokutana kila Ijumaa katika chumba tulichopangiwa kwenye eneo la makanisa hapa Doha. Joto limeanza kuwa kali, ila tu wazima. Mimi ni Laban Onyango, mwenyekiti. Kabla ya kuja huku kupanga zamu za walinzi nilikuwa mwalimu wa historia kule Siaya, na ni historia hiyo inayonisukuma kukuandikia.

Nimesikia unataka kututumia mchungaji mpya. Kwa unyenyekevu wote, Baba, naomba usimtume. Naomba pia umwonye Dada Pamela, ambaye ameniasi. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza, kiti kitupu hakina kosa lolote. Mwaka 1700 alifariki Patriaki Adriani, mkuu wa kanisa lote la Urusi. Tsari Petro, yaani mfalme wao, hakutangaza kwamba cheo hicho kimefutwa. Mtu mwenye akili hafanyi hivyo. Alichofanya ni kutoitisha uchaguzi, basi. Akamweka Askofu Stefano Yavorsky awe mlinzi wa kiti, mlinzi tu, na mlinzi huyo akalinda kiti kwa miaka ishirini. Kwa hiyo Mchungaji Philipo aliporudi Kenya kwa sababu ya mgongo, nami sikukataza uchaguzi. Nilisema tungoje Ramadhani ipite, kisha watu warudi kutoka likizo, kisha joto lipungue. Wewe unajua joto la Doha, Baba. Wakati huohuo nilimteua Dada Pamela, muuguzi wetu, awe anasali na watu. Nilimchagua kwa sababu ni mpole. Hapo ndipo nilipokosea hesabu.

Pili, watu wa Mungu wasibebeshwe mizigo ya dunia. Mwaka 1701 Tsari aliifufua Idara ya Watawa na kuikabidhi kwa mtu asiye kasisi. Mapato ya mashamba ya kanisa yakapitia serikalini, nao watawa wakapewa posho. Wakakatazwa hata kuweka wino na karatasi vyumbani mwao, wasije wakaandika uchochezi. Sisi hatuna mashamba. Tuna kinanda, spika mbili na grupu ya WhatsApp. Kinanda na spika nikavihamishia kwangu Al Wukair. Grupu nikaifunga, asiandike mtu isipokuwa mwenyekiti. Tangu siku hiyo kuna utulivu wa ajabu, ingawa Lenny, dereva wetu, alinifuata akauliza, "Mwalimu, sasa mtu akiwa na shida ataitupa wapi?" Nikamwambia shida ina utaratibu wake. Akasema, "Sawa, boss," kwa ile sauti ambayo vijana huitumia wakiwa hawajakubali.

Tatu, na hili ndilo jiwe la msingi. Mwaka 1721 ilitoka Kanuni ya Kiroho, iliyoandikwa na askofu mwenyewe, Feofani Prokopovich, mtu msomi. Huyu alisema wazi kilichomkosesha Tsari usingizi. Watu wa kawaida hawajui kutofautisha mamlaka ya roho na mamlaka ya ufalme. Wakimwona mkuu mmoja wa kanisa ametukuzwa sana, hudhani ni mfalme wa pili, aliye sawa na yule wa kwanza au hata anayemzidi. Wawili hao wakigombana, watu watamfuata yupi? Kwa hiyo badala ya patriaki likawekwa baraza, mfano wa mabaraza mengine ya Tsari yaliyoendesha vita na biashara. Siku lilipofunguliwa lilipewa jina la Sinodi Takatifu Inayotawala. Maaskofu waliitia Kanuni hiyo sahihi kwanza, na waliokuwa mbali wakapelekewa waraka huko huko waliko. Kila mjumbe akaapa kwamba mwamuzi wa mwisho wa baraza hilo ni Tsari mwenyewe.

Baba, niliposoma hayo nilimkumbuka Mchungaji Philipo. Mimi ninapoingia, watu hunipa mkono. Yeye alipoingia, watu walisimama. Je, huoni hatari?

Kwa hiyo nikaunda Kamati Takatifu. Pamela nikampa uenyekiti wa kamati, kama vile Yavorsky alivyopewa urais wa Sinodi ijapokuwa hakuipenda. Mwamuzi wa mwisho nikabaki mimi. Na kwa kuwa Warusi waliondoa jina la patriaki katika sala wakaweka la Sinodi, nasi tukaacha kumwombea mchungaji, tukawa tunaiombea Kamati Takatifu. Dada mmoja mgeni kutoka Kampala alimuuliza jirani yake huyu mtakatifu Kamati alikufia wapi. Nimempangia mafundisho.

Nne, baraza bila jicho ni kundi la mbuzi. Mwaka 1722 Tsari aliagiza atafutwe mtu mwema kati ya maofisa wake wa jeshi, mwenye ujasiri, awe Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Sinodi. Hakuwa kasisi. Kazi yake ilikuwa kukaa na maaskofu, kuangalia kama wanafuata sheria, kuwasimamisha wakipotoka na kumpelekea mfalme habari. Aliitwa jicho la mfalme. Mimi nikamteua Bradley, msimamizi wa walinzi katika duka kubwa. Hukaa karibu na mlango akiwa na redio yake ya upepo, ile ya kuitana na walinzi wenzake. Amejitahidi sana, ila Ijumaa moja redio ililia katikati ya Baba Yetu, ikiuliza ni nani aliyeegesha gari mbele ya lango la mizigo.

Tano, nafika sasa kwenye malalamiko yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1722 makasisi wa Urusi waliamriwa hivi: mtu akikiri katika maungamo kwamba amekusudia uhaini au uasi dhidi ya mfalme, na hataki kuuacha mpango huo, kasisi amripoti. Hoja yao ilikuwa safi kabisa. Asiyetubu hajaungama, na kama hajaungama hakuna siri ya kutunza. Nikaona ni busara. Nikatangaza kwamba lolote linalohusu uongozi wa ushirika, likisemwa katika maombi ya faragha, lifike kwa Bradley.

Ijumaa iliyofuata Charity alikaa na Pamela pembeni, akalia muda mrefu. Charity ni binti wa Kitui anayefanya kazi ya nyumbani Umm Salal, na huja kanisani pale tu Lenny anapoweza kumpitia. Nilimwendea Pamela nikamuuliza amesema nini.

"Hayo ni ya Mungu, Mwenyekiti," akanijibu.

"Dada, Mungu ana kamati hapa."

Akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyegoma kumeza dawa. "Basi Mungu aiambie kamati," akasema, akaenda kuosha vikombe.

Baba Askofu, huo si uasi?

Tangu hapo tumeingiwa na afya ya kutisha. Zamani watu walikuja na mambo mazito: mume aliyenyamaza nyumbani, mwajiri aliyeficha pasipoti, mtoto asiyemtambua mama kwenye simu. Sasa wakiulizwa maombi yao, mmoja husema goti, mwingine mafua, na mwenzetu Job husema tuombee unyevunyevu wa hewa. Bradley hana cha kuripoti. Nilidhani huo ni ushindi.

Kisha likatokea hili, ambalo ni kosa kubwa la nidhamu. Baba yake Charity alifariki huko Kitui. Sisi hatukujua. Habari tulizipata saluni, pale mtaa wa Najma, kutoka kwa msusi ambaye si hata wa dhehebu letu, na wakati huo mzee alikuwa ameshazikwa. Ushirika ambao siku zote ulikuwa wa kwanza kupika chai na kuimba na mfiwa, ulikaa kimya huku mwenzetu akipiga deki sakafu ya watu akiomboleza peke yake. Nilimwita nikamuuliza kwa nini aliificha kamati msiba. Alisema, "Nilimwambia Dada Pamela kwamba baba ni mgonjwa na kwamba natamani Mchungaji Philipo angekuwepo. Halafu nikasikia mambo ya kuripotiwa, maana Ijumaa ulipotangaza sikuwepo. Mzee alipoondoka, niliogopa kusema chochote tena."

Naomba ajulishwe kwamba misiba haimo katika kanuni ile. Angeuliza, ningemweleza.

Pamela alilisikia hilo. Siku hiyo hiyo alisimama mbele ya watu akasema amejiuzulu uenyekiti wa Kamati Takatifu, na yeyote anayetaka kulia anajua anapokaa. Ijumaa iliyofuata nilihubiri mimi. Walinisikiliza Bradley na watu wachache waliokuwa wamekosea chumba. Wengine wote walikuwa nje kwenye kivuli cha ukuta, katika joto lile, wakiimba na Charity bila kinanda.

Lenny alibaki mlangoni ili anichome kwa swali. "Mwalimu, na hiyo Sinodi iliishaje?" Mimi ni mwalimu, siwezi kudanganya kuhusu tarehe. Nikamwambia ilidumu karibu miaka mia mbili. Kisha mwaka 1917 mfalme akaondoka, na kabla mwaka haujaisha kanisa likawa limepata patriaki tena, jina lake likitolewa kwa kura na mtawa mzee kati ya majina matatu. Lenny akacheka. "Kumbe walikuwa wanangoja tu uondoke. Pole, namaanisha aondoke."

Kwa hayo yote, naomba mambo machache. Usitume mchungaji. Mwadhibu Pamela. Na kwa kuwa mwaka 1723 mapatriaki wa Mashariki waliandika barua wakaitambua Sinodi kuwa ndugu yao katika Kristo, nawe utuandikie barua ukiitambua Kamati Takatifu, ambayo kwa sasa ni mimi na Bradley, kuwa ndugu yako. Mwisho, bila kukukosea heshima: nikiifuata hoja hii hadi mwisho wake, sioni kwa nini wewe mwenyewe unahitajika. Watu husimama ukiingia pia. Labda ungefikiria kutojaza kiti chako utakapostaafu.

Msalimie Mama Askofu, makasisi wote, kwaya ya wamama, na mlinzi wa lango lako aliyenipa maji nilipokuja kuaga.

Ndimi mwanao katika utaratibu,
Laban Onyango
Mwenyekiti na Mwamuzi wa Mwisho

N.B. Baba, barua ilikuwa tayari kutumwa nilipoitwa hospitali kwa ajili ya uvimbe wa shingoni ambao nilidhani ni jipu. Daktari anataka kuukata aupime, na hakutabasamu aliponiambia. Sijamwambia Valerie, mke wangu. Nilikaa kwenye gari nikashindwa kuliwasha. Nikampigia Pamela. Alikuja mchana huohuo akiwa bado na sare zake za kazini, akakaa kiti cha abiria, nami nikamwambia mambo ambayo Bradley angeyajazia kurasa. Nilipomwomba asimwambie mtu, alisema tu, "Endelea, kaka, nakusikia." Kumbe mtu anaweza kupumua hivyo.

Tafadhali tuma mchungaji upesi. Kinanda nitakirudisha Ijumaa. Na akifika, usimweleze ni nani aliyeandika hayo ya juu. Nitamwambia mwenyewe.