Hotuba ya Msimamizi na Ishara ya Miwani

Jumatano, tarehe 5 Juni
Rafiki yangu Fundi Saa anaoa Jumamosi. Msimamizi wake ni mimi. Hotuba: dakika tano. Nimeandika kurasa kumi na moja. Mke wangu amesikiliza mbili, akasinzia. Alipozinduka alisema kisa kimoja cha aibu kinatosha, na wachumba wa zamani niwaache huko huko waliko. Nimefuta kurasa tisa. Nimechoka.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Kisa nimekipata. Fundi Saa alipokwenda kujitambulisha ukweni, alifika siku moja kabla. Mtengeneza saa! Mama mkwe alikuwa akimngoja fundi bomba tangu asubuhi, akadhani ndiye. Fundi Saa akaona haya kukana. Akavua koti, akaziba bomba, akaondoka. Kesho yake akarudi na suti ileile, goti limechafuka.
Nimemwomba ruhusa. Amesema sawa, lakini nimalizie kwa neno jema kuhusu mkewe. Nikimwaibisha mkewe, kipaza sauti atapewa Binamu. Binamu yake huyo ananisubiri niteleze.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Binamu anazungumza kabla yangu. Namjua: atawanyanyulisha watu glasi, mimi nibaki na makombo. Thubutu! Nimeelewana na mkuu wa wahudumu. Vinywaji visimiminwe mpaka nivue miwani na kuifuta. Ameniita kiboko.

Jumamosi, tarehe 8 Juni
Binamu alinyanyua glasi tupu. Akauliza kama tunywe hewa. Raha iliyoje!
Nikasimama. Kisa kilivunja watu mbavu. Mama mkwe alipaza sauti kwamba bomba lile halijavuja tena. Nikaendelea. Nilipovunjika mkono, Fundi Saa alikuja kuninyoa ndevu kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Siku arobaini. Hakumwambia mtu. Nikamgeukia bibi harusi: tangu ampate, rafiki yangu hupiga mluzi akiwa kazini.
Machozi yakanitoka, maneno yakiwa bado mdomoni. Nikavua miwani. Nikaifuta.
Lo! Wahudumu kumi na wawili! Chupa pa! pa! Neno langu kuhusu bibi harusi halikusikika hata na bibi harusi. Binamu akapiga kelele kwamba mimi babu niendelee tu, wananisikiliza kwa macho.
Bwana harusi akaja mwenyewe, akanishika bega. Akaomba ukumbi utulie. Akaniambia nirudie, ndugu yangu, kuanzia kwenye mluzi. Nikarudia. Bibi harusi alilia. Ndipo nikasema: simameni, glasi juu, tuwatakie Fundi Saa na mkewe maisha marefu pamoja! Wakasimama wote. Binamu pia. Glasi yake ilikuwa tupu, wahudumu walimruka.

Jumatatu, tarehe 10 Juni
Kaka wa bibi harusi anaoa Jumamosi ijayo. Ameniomba niongoze kunyanyua glasi. Nimetafakari kosa langu kwa kina: miwani. Safari hii ishara ni kikohozi. Mkuu wa wahudumu amekubali. Mke wangu ameuliza kama nimesahau kwamba nakohoa tangu jana. Wanawake huvuruga mipango kwa mambo madogo.